Faida ya kifuko cha mia tatu

Dukani kwa shangazi yangu, Tandika, sijawahi kusikia mteja akiagiza gramu. Mtoto anatumwa na mia tatu mkononi, anafika dirishani, "Shikamoo bibi, naomba sukari ya mia tatu." Anapewa kifuko, anakimbia. Nyumbani chai iko jikoni inasubiri. Ndani ya kifuko zimo gramu ngapi, hilo ni swali la aliyekaa upande wa ndani wa dirisha.

Hapo ndipo biashara yote ilipo. Kwenye kilo unaweza kusogeza bei. Mfuko ukipanda kidogo, kilo inapanda kwa shilingi mia, wateja wananung'unika siku mbili kisha wanazoea. Kwenye kifuko bei imefungwa na sarafu. Huwezi kuuza sukari ya mia tatu na kumi, kwa sababu mteja hana kumi na wewe huna chenji yake. Kilichobaki cha kusogeza ni gramu tu. Ndiyo maana nasema anayeuza vifuko hauzi kwa bei, anauza kwa uzito, na faida yake yote iko ndani ya gramu chache za mwisho zinazoingia au zisizoingia.

Tuanze na bei ya gramu moja, maana bila hiyo mengine yote ni kubahatisha. Bei ninazotumia hapa ni za mfano, bei ya sukari haikai. Wewe weka za kwako. Mfuko wa kilo 50 umeununua kwa jumla shilingi 130,000. Bajaji kutoka sokoni hadi mlangoni imekula 2,000. Mfuko umekufikia kwa 132,000. Gawa kwa gramu 50,000, unapata shilingi 2 na senti 64 kwa gramu. Senti tumeshazisahau kwenye mifuko yetu, ila kwenye hesabu hii usizitupe. Mtu anayesema "gramu ni kama shilingi mbili na nusu hivi" ameshajidanganya shilingi 14 kwa kila kifuko cha gramu 100, na baada ya aya moja utaona kwamba shilingi 14 ni zaidi ya nusu ya faida.

Kifuko cha mia tatu tukikifunga gramu 100, sukari yake imetugharimu 264. Kifuko chenyewe cha nailoni, ukinunua bunda la 100 kwa 1,000, ni shilingi 10. Jumla 274. Umeuza 300. Umebaki na 26.

Shilingi 26. Mfuko mzima kwa hesabu ya karatasi unatoa vifuko 500, kwa hiyo faida ni 13,000. Wengi wanaishia hapo. Wanapiga hesabu hii Jumatatu, wanafungasha Jumanne, na mfuko ukiisha wanahesabu pesa kwenye kopo na kushangaa 13,000 imeenda wapi. Kisha wanamshuku kijana wa dukani.

Kabla hujamshuku kijana, angalia gramu. Kila gramu inayozidi inakula shilingi 2 na senti 64 kutoka kwenye zile 26. Gramu tatu za ziada ni karibu shilingi 8, yaani umeshagawa karibu theluthi ya faida. Gramu tano zinachukua nusu. Gramu kumi zimemaliza faida yote, na kifuko umekifunga bure na kukichoma mdomo bure. Gramu kumi za sukari ni vijiko viwili vya chai na kidogo. Chukua kifuko cha 100 na cha 110 uviweke viganjani, mkono hautakuambia kipi ni kipi.

Nilimwambia shangazi siku moja, akiwa anapunguza sukari kwenye kifuko kwa ncha ya kijiko, "Shangazi, hizo si gramu tatu tu?" Hakuinua hata macho. "Gramu tatu mara mia tano ni kilo moja na nusu, mwanangu. Nikupe kilo moja na nusu ya bure kila mfuko?"

Yeye hakusoma hesabu zaidi ya darasa la saba, lakini hiyo "mara mia tano" ndiyo elimu yote ya kufungasha. Kosa kwenye kilo moja unalifanya mara 50 kwa mfuko. Kosa kwenye kifuko unalifanya mara 500.

Sasa, gramu hizo zinatoka wapi? Sana sana zinatoka kwenye mizani. Mizani nyingi za juu ya meza tunazoziona madukani zina kibati kidogo ubavuni, kimeandikwa Max, Min na herufi ndogo e. Watu hawakisomi. Max ni uzito wa juu, mara nyingi kilo 30. Hiyo e ni hatua ambayo mizani inaruka nayo. Ikiwa imeandikwa e = 10 g, mizani hiyo inahesabu kumi kumi; haijui 104, inajua 100 au 110. Na Min ni uzito wa chini unaotakiwa kupimwa juu yake, ambao kwa mizani za kawaida za biashara ni mara ishirini ya e. Kwa hiyo mizani ya hatua ya gramu 10 haitakiwi kupima chini ya gramu 200. Kifuko chetu cha 100 hakina haki ya kupanda pale. Ya hatua ya gramu 5 inaanza kwenye 100, ndipo mpaka ulipo, na hata hapo ikikuonyesha 100 ukweli unaweza kuwa 98 au 102. Mizani imesema 100, wewe umetoa 102, na hakuna aliyemdanganya mwenzake. Ila mara mia tano.

Ile ya saa yenye mshale, inayoning'inia, tusiizungumzie hata kidogo kwa kazi hii. Ni ya viazi.

Mizani ndogo ya gramu moja moja inapatikana Kariakoo na haina bei ya kutisha, na kwa kufungasha inatosha kukuongoza. Lakini usiichanganye na mizani ya kuuzia. Ya kuuzia mbele ya mteja inatakiwa iwe imekaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika ya mwaka, na nyingi za hizi ndogo ni za jikoni, hazikutengenezwa kwa biashara. Shangazi anazo zote mbili. Ndogo anafungashia, na kubwa yenye stika inahakiki kazi ya ndogo.

Namna inavyohakiki ni hii, na ndiyo njia rahisi kuliko zote ninayoijua. Chukua vifuko kumi vilivyokwisha kufungwa, usivichague, viweke vyote pamoja juu ya mizani kubwa. Weka kwanza vifuko kumi vitupu na ubonyeze kitufe cha kufuta uzito wa chombo, ili uzito wa nailoni usihesabiwe kuwa sukari. Kumi pamoja vinatakiwa visome gramu 1,000. Vikisoma 1,020 unajua kila kimoja kimezidi kwa wastani wa gramu mbili. Mizani ile ile iliyokuwa kipofu kwa gramu mbili inaziona vizuri sana zikiwa ishirini. Vikisoma 980, mteja ndiye anayeibiwa, na mteja wa Tandika akishajua kwamba vya kwako havitoshi kikombe anahamia dirisha la jirani bila kukuaga.

Watu wengi hawapimi kila kifuko, wanatumia kikopo. Na kweli, kupima vifuko mia tano kimoja kimoja ni kazi ya kuchosha mtu. Kikopo kinafaa ukikiheshimu. Gramu 100 za sukari kavu iliyomwagwa bila kushindiliwa zinachukua nafasi ya kama mililita 120, kwa hiyo kopo dogo la plastiki linakatwa kwa wembe taratibu, unajaza, unapima, unakata tena, mpaka kikopo kilichojaa na kufutwa juu kwa rula kinasoma 100.

Shida ni kwamba kikopo kinapima nafasi, hakipimi uzito, na sukari inajua kujipanga. Ukikichota na kukigonga mezani mara mbili tatu, punje zinashuka na kubanana, unaongeza juu, unafuta, na sasa una 105 au zaidi ndani ya kikopo kile kile. Mkono uliochoka unagonga bila kujua. Tena sukari hazifanani: Kilombero, Mtibwa, Kagera na TPC si lazima zikupe punje za ukubwa mmoja, na hata kiwanda kimoja mzigo wa leo unaweza kuwa na punje kubwa kuliko wa mwezi uliopita. Punje ndogo zinabanana kuliko kubwa. Kikopo ulichokikata kwa mzigo mmoja kinaweza kukudanganya kwenye mzigo mwingine, kwa hiyo kila mfuko mpya ukifunguliwa, jambo la kwanza ni kujaza kikopo mara kumi na kupima zote pamoja. Ni kazi ya dakika tatu.

Halafu kuna joto la Dar na unyevu wake. Sukari yetu ya kahawia ina utando mwembamba wa molasi juu ya punje, na utando huo unavuta maji ya hewani kirahisi kuliko sukari nyeupe ya viwandani. Wakati wa masika mfuko uliofunguliwa na kuachwa mdomo wazi unaanza kushikana. Mabonge yanaacha mianya ndani ya kikopo, kwa hiyo mwezi huo kikopo kinapunja badala ya kuzidisha. Mfuko ukae juu ya vibao, usiguse sakafu ya saruji wala ukuta, na ufungwe kila unapoacha kazi. Ukishika sukari ikaacha kumiminika kama mchanga mkavu na kuanza kudondoka kwa vipande, weka kikopo pembeni, rudi kwenye mizani.

Nikupe mfuko mmoja tuliousimamia mwanzo hadi mwisho, makusudi, ili tujue 13,000 inaliwa na nani.

Tuliupima kabla ya kuufungua. Mfuko mtupu nao una uzito wake, kwa hiyo tuliuweka pembeni kuupima baada ya kuumimina. Ukiondoa uzito huo, sukari iliyokuwemo ilipungua gramu 250 kwenye zile kilo 50. Si wizi wa kupigia kelele, ila robo kilo ni shilingi 660. Kwenye jambo hili angalia mshono. Mshono wa kiwandani ni wa mashine, uzi wa mnyororo. Ukiupata upande sahihi na kuvuta unafumuka wote kwa mkupuo mmoja. Ukikuta mshono unaokwenda na kurudi, au matundu ya sindano yaliyopitwa bila uzi, mfuko huo umeshafunguliwa na mtu kabla yako, na unatakiwa upimwe hapo hapo kwa muuzaji, bajaji haijawasha moto.

Kufungasha tulimwagia kwenye beseni kubwa, kikopo mkononi, mshumaa mezani. Mdomo wa kifuko unakunjwa juu ya kipande cha msumeno wa chuma, unapitishwa haraka kwenye moto, nailoni inayeyuka na kushikana. Ukichelewa kidogo inatoboka. Waliozoea hawatoboi, lakini sukari inamwagika tu, kwenye meza, pembeni mwa beseni, kwenye vifuko vilivyopasuka. Ya mezani inarudi, ya chini hairudi. Tulipofagia ilikuwa kama gramu 150.

Zikabaki gramu 49,600 za kuingia kwenye vifuko. Tulipohakiki kumi kumi, wastani ulisoma gramu 102. Vikatoka vifuko 486, na gramu 28 zikabaki chini ya beseni. Zikaingia kwenye chai yetu.

Vifuko 486 kwa mia tatu ni 145,800. Toa mfuko na bajaji 132,000, toa vifuko vya nailoni 4,860. Imebaki 8,940. Mshumaa sijauhesabu. Kila kifuko kimetupa shilingi 18 na ushee, siyo 26. Faida iliyopotea ni 4,000 na kidogo, na sehemu kubwa zaidi, zaidi ya theluthi mbili, ilitoka na zile gramu mbili mbili tulizozidisha kwa mkono wetu wenyewe. Mfuko kupungua na kumwagika, ambavyo ndivyo watu wanavyovilalamikia, vilichukua kidogo kuliko hivyo.

Na hii ilikuwa siku tuliyokuwa tunaangaliana.

Vipi kama tungeuza mfuko ule ule kwa kilo, nusu na robo bila kufungasha? Kilo 2,800 mara 50 ni 140,000, faida 8,000. Inaonekana karibu sawa na ya vifuko, na bila saa tatu za mshumaa. Lakini hesabu hiyo nayo ni ya karatasi. Ukiuza zaidi nusu kilo, unahitaji mifuko ya karatasi kama 100. Kila mmoja ukiwa 30, umeshatoa 3,000. Halafu kuna nyongeza. Anayenunua nusu kilo anasimama akiitazama mizani, na ikitulia kwenye 500 anasema, "Mangi, ongeza kidogo basi," hata kama aliyeko ndani ni mwanamke wa Kizaramo mwenye umri wa mama yake. Unaongeza kijiko. Usipoongeza umeonekana mchoyo. Kifuko kilichofungwa hakina nyongeza. Kimefungwa, kimekaa, mazungumzo yamekwisha. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa ya kufungasha kuliko zile shilingi mia mbili zinazozidi kwenye kilo.

Maana zinazidi kweli. Anayenunua vifuko kumi vya gramu 100 amelipa 3,000 kwa kilo ambayo mwenzake amelipa 2,800. Kuna watu wanauita huu unyonyaji wa maskini. Mimi sioni hivyo moja kwa moja, ingawa sipendi kuona familia inanunua vifuko viwili kila siku mwaka mzima. Katika hizo 200, mia nzima ni nailoni, vifuko kumi. Mia iliyobaki ndiyo malipo ya kupima, kufunga na kuchoma mara kumi. Ukimlipa kijana shilingi 10 kwa kifuko, hiyo mia inakwenda kwake yote. Ndiyo sababu hesabu hii haina nafasi ya mfungashaji wa kulipwa. Inafanya kazi pale tu mwenye duka anapofunga mwenyewe mchana, saa nane na tisa, jua kali na wateja hakuna, muda ambao hata hivyo angekaa akipepea nzi.

Kuhusu nailoni yenyewe, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na vifungashio vya kufungia bidhaa vimebaki kwa masharti ya viwango. Kwa hiyo kifuko cha sukari kifungwe mdomo kiwe kifungashio. Ukichukua kifuko hicho hicho ukakitumia kumbebea mteja nyanya, umeshatoka kwenye masharti. Usinunue vile vyepesi mno visivyo na jina la mtengenezaji ili uokoe shilingi mbili. Vinapasuka, na kifuko kimoja kilichopasuka na kumwaga kimekupotezea 274. Ili uirudishe kwa faida ya 26 inabidi uuze vingine kumi na kimoja. Hesabu hiyo hiyo inamhusu anayesema "niandikie, jioni nitaleta" na jioni haiji. Shangazi ana daftari la madeni kwa unga na mafuta. Kwa vifuko vya sukari hana, na ukimuuliza kwa nini atakuambia mtu asiye na mia tatu leo hatakuwa na mia sita kesho.

Sasa kifuko cha mia mbili, ambacho ndicho watu wanapokosea zaidi kukata gramu. Akili ya haraka inasema: mia tatu ni gramu 100, basi mia mbili ni theluthi mbili yake, weka 70 ili iwe namba nzuri. Sukari ya gramu 70 ni 184 na senti 80, nailoni 10. Umebaki na shilingi tano. Gramu moja ikizidi imebaki mbili na nusu. Gramu 65 zinakuachia 18, na 60 zinakuachia karibu 32, zaidi ya kifuko cha mia tatu. Angalia jinsi gramu tano tu zinavyobadilisha jambo zima. Nailoni ni ile ile shilingi 10 kwa kifuko kidogo na kikubwa, kwa hiyo kadiri kifuko kinavyopungua ndivyo inavyokula sehemu kubwa zaidi, na ndivyo unavyolazimika kupunguza sukari kuliko uwiano wa bei unavyodai. Shangazi anafunga 65. Alijaribiwa na 60, akaona chai ya watu wawili haikolei, akaacha. Huko nyuma ya hesabu kuna kikombe, na mteja anapima kwa ulimi.

Kanuni ya kukata gramu, kwa bei yoyote, ni moja. Anza na faida unayoitaka, usianze na namba nzuri:

gramu = (bei ya kifuko − nailoni − faida) ÷ bei ya gramu moja

Mfuko ukipanda kwa 5,000, gramu inakuwa 2 na senti 74. Ukiendelea kufunga 100, faida ya karatasi imeshuka kutoka 26 hadi 16, na kwa uzidishaji wa gramu mbili uko kwenye 10 na ushee. Ukitaka kubaki na 26, chukua 300, toa 10, toa 26, gawa 264 kwa 2.74. Ni gramu 96. Gramu nne hakuna anayeziona kwa jicho.

Na ndiyo hatari yake. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji viwandani na sukari kuadimika, kilo ilivuka 4,000 sehemu nyingi, na serikali ikatangaza bei elekezi. Chukulia uliipata sukari kwa jumla 3,700 kwa kilo. Kanuni ile ile inakupa gramu 71 kwa mia tatu. Kutoka 100 hadi 71, hapo si jicho tu, hata mkono unajua. Duka linaloshusha gramu kimya kimya linajikuta linagombana na wateja wa miaka mingi, wakati lile la pili lililobandika karatasi dirishani linauza. Lakini kubandika karatasi kunakutaka ujue gramu zako, na wengi hawazijui, wanajua kikopo.

Sheria nayo iko upande huo. Bidhaa uliyoifungasha mapema na kuiweka tayari kuuzwa inatakiwa ionyeshe uzito halisi wa kilichomo, bila kifungashio. Dukani kwa shangazi vifuko vinakaa kwenye beseni la bluu chini ya dirisha, na ndani ya kila kimoja kuna kikaratasi kilichokatwa kwa mkasi, kimeandikwa kwa kalamu: 100 g. Kukata na kuandika vikaratasi 500 kunamlia karibu saa nzima, na hilo kwenye hesabu ya shilingi 18 halimo. Bei ilipopanda mara ya mwisho akaandika upya, 96 g, akaviweka vya zamani upande wa kushoto na vipya upande wa kulia, na wateja wakaruhusiwa kuchagua mpaka vya kushoto vilipokwisha.